Salio la mkopo lilipogoma kufika sifuri: nilivyorekebisha rejesho la mwisho

Jedwali la marejesho lilikuwa linaishia kwenye salio la -139 badala ya 0. Mkopo ni shilingi 1,000,000, riba asilimia 2 kwa mwezi kwa salio linalopungua, miezi 3. Rejesho halisi ni 346,754.67, lakini lilikuwa limekadiriwa kwa mamia:

```
=ROUND(PMT(0.02,3,-1000000),-2)
```

Jibu ni 346,800. Kila mwezi mteja analipa kama shilingi 45 zaidi ya hesabu halisi, na ziada hiyo inapunguza salio, hivyo hata riba inayofuata inashuka kidogo. Ndiyo maana tofauti ni 139, si 136.

Dawa ni kutolazimisha rejesho la mwisho lilingane na mengine. Mwezi wa 1 riba ni 20,000, mtaji unaolipwa 326,800, salio 673,200. Mwezi wa 2 riba ni 13,464, mtaji 333,336, salio 339,864. Mwezi wa 3 acha fomula ya kawaida kabisa: chukua salio lote, ongeza riba yake, 6,797. Rejesho la mwisho ni 346,661.

Riba ya kila mwezi ikadirie kwanza, ndipo uitoe kwenye rejesho. Ukificha senti kwa kupanga tu mwonekano wa seli, zinabaki ndani na jumla haitalingana na risiti za mteja.

Rejesho likikadiriwa kwenda chini, la mwisho litazidi mengine. Tofauti ikiwa ya maelfu kwenye mkopo kama huu, hapo si ukadiriaji. Kagua riba au idadi ya miezi.