Jina la kanga ya bibi

Mama mkubwa aliniletea Mbeya picha ya bibi iliyopigwa zamani kwao Tukuyu. Alitaka nimtafutie doti yenye jina lile lile. Bibi ameipa kamera mgongo, kanga moja kajifunga kiunoni, ya pili kajitanda mabegani. Jina liko pale linapokaa siku zote, juu ya pindo la chini, na kwa jinsi bibi alivyoifunga limeangukia makalioni. Na hapo ndipo nguo inapojikunja kuliko pote.

Nilichokiona kwanza ni EMA HA, kisha mkunjo mrefu wa kusimama, kisha OZI. Mbele ya EMA kulikuwa na herufi iliyopotelea ubavuni, imebanana hadi ikawa kama fito nne. M au W?

Kwa herufi zilizobanwa na mzunguko wa nyonga nina kaujanja kamoja: nailaza picha, upande wa juu uende mbali na macho. Urefu wa herufi unapungua, upana unabaki vile vile, basi zinaonekana zimetanuka. E, iliyokuwa karibu kusomeka I, ilifunguka. Ile ya kwanza ikagoma.

Nikageukia mkunjo. MEMA ingedai HAYAOZI, WEMA ingedai HAUOZI. Nikijua mkunjo umemeza herufi ngapi, nimeijua na ya kwanza. Kukisia kwa macho hakusaidii, maana mkunjo mwembamba unaweza kuficha kitambaa kingi. Lakini chini ya jina kuna pindo, na pindo hili lilikuwa na korosho zilizopangwa sawasawa. Mkunjo uliomeza herufi umemeza na korosho. Palipokuwa pametulia, korosho moja ilichukua nafasi ya herufi mbili. Kushoto kwa mkunjo korosho ilikatika katikati, kulia ikaanza nyingine nzima. Basi imefichwa nusu korosho, yaani herufi moja. Ingekuwa YA, herufi mbili, ng'ambo ya pili ingeanza na nusu ya korosho inayofuata. (Hesabu hii ingeruhusu pia korosho moja na nusu, herufi tatu, ila sikupata neno la herufi tatu linalokaa hapo.)

WEMA HAUOZI. Hata hivyo sikuridhika, kwa sababu msemo unaojulikana ndio unaodanganya zaidi: macho yanasoma kinachotarajiwa. Nikakumbuka kwamba vipande viwili vya doti vina jina moja. Nikahamia mabegani kwa kioo cha kukuzia. Pale mikunjo ilikuwa ya mshazari, imekata vichwa vya herufi karibu zote, lakini kati ya miwili palibaki AUO, wazi kabisa, bila Y.

Nikampigia mama mkubwa. Akanyamaza kidogo. "Mwanangu, mimi miaka yote nilikuwa nasoma Mema." Doti niliipata, jina lile, ila pindo lina maua badala ya korosho. Akasema lete tu.