Maganda ya danzi: mara ya pili ndiyo yaliyokubali

Mara ya kwanza nilipopika maganda ya danzi kwa shira ya sukari, yalitoka makavu na magumu, ya kutafuna mpaka taya zichoke, na uchungu bado umo. Nilikuwa nimeyachemsha mara moja tu kisha nikayatumbukiza kwenye shira juu ya moto mkali. Shangazi yangu, hapa Lamu, aliuma kipande kimoja akakiweka kando ya kisahani. "Mwanangu, hili limetiwa sukari halijaiva."

Hapo ndipo nilipoelewa. Ganda likishaingia kwenye sukari halilainiki tena, kwa hiyo ulaini wote lazima liupate kwenye maji matupu.

Mara ya pili nilichukua madanzi sita, nikayakata maganda vijiti vyembamba kama kidole cha mtoto. Niliyatia kwenye maji baridi, yakachemka dakika kumi, nikamwaga maji yote, nikatia mengine baridi. Maji ya kwanza yalikuwa ya manjano na machungu kama shubiri. Nilirudia mara tatu, na baada ya kila mara nilionja kipande, kwa sababu danzi moja halifanani na jingine. Mara ya mwisho niliyaacha motoni mpaka nikabinya sehemu nyeupe kwa kucha na kucha ikazama bila kusukumwa.

Shira ilikuwa nusu kilo ya sukari kwa nusu lita ya maji, na kijiko cha maji ya ndimu ili sukari isigande. Nilipunguza makaa mpaka ikawa inatoa povu moja moja tu. Hapa pana subira. Moto ukiwa mkali, shira inakuwa nzito kabla haijapenya, na ganda linasinyaa. Kwangu ilichukua saa moja na nusu hivi, bila kukoroga sana, mpaka ile nyeupe ikatoweka na kijiti kikiinuliwa dirishani mwanga unapita. Shira iliyobaki tuliinywa na maji ya ndimu wiki nzima.

Kukausha ndiko kulikonisumbua zaidi, maana hewa ya pwani ina unyevu na sukari inaunyonya. Nilivitandaza vijiti kwenye wavu, visigusane, chini ya kitambaa chepesi, miguu ya meza nikaisimamisha ndani ya vikopo vya maji kwa ajili ya sisimizi. Mchana juani darini, alasiri navirudisha ndani kabla ya unyevu wa usiku. Siku ya pili jioni havikunata tena kidoleni, lakini bado vilipinda bila kuvunjika. Hapo tu ndipo nilipovigaragaza kwenye sukari kavu.

Nilivitia kwenye chupa kavu yenye kifuniko cha kukaza. Asubuhi nikakuta jasho ndani ya kioo, na sukari ya juu imelowa. Nilivitoa, nikaviweka juani siku moja zaidi, nikavigaragaza upya. Chupa ikabaki kavu, na wiki ya tano shangazi alikuja akaomba vya kutilia kwenye mkate wa mayai.