Elfu ishirini na tano

Jumatano, usiku.

Leo asubuhi, kabla sijawasha hata pasi, aliingia mama mmoja na kitenge cha yadi sita. Anataka gauni refu la sendofu ya binti wa dada yake, lenye bitana na zipu ya kificho mgongoni. Nikamwambia elfu arobaini na tano. Akacheka kidogo, akaweka kitenge mezani.

"Mwanangu, kitambaa nimeleta mwenyewe. Kushona tu? Chukua ishirini."

Sikumjibu kwa haraka. Zamani ningeshaanza kushuka palepale: arobaini, thelathini na tano, thelathini. Mteja akiona bei inateremka bila sababu anaelewa kwamba ile ya kwanza ilikuwa ya kubahatisha, na hapo ana haki ya kuendelea kuvuta. Bado naikumbuka ile elfu ishirini na tano ya mwaka jana. Nilimshonea dada mmoja kwa bei hiyo kwa sababu alinichosha kwa maneno. Wiki iliyofuata wakaja wenzake watatu, wote wamekariri: "Sisi tumeambiwa ishirini na tano." Sikuwa na la kuwajibu.

Siku ile ndiyo nilikaa na daftari nikapiga hesabu ya gauni moja la namna hii. Bitana ya Kariakoo mita mbili ni 7,000. Zipu 1,500, uzi 1,000, kitambaa kigumu cha shingoni 1,500. Binti anayenisaidia kupiga overloku na kumalizia pindo namlipa 8,000. Gauni linanichukua siku moja na nusu, na kwa muda huo pango la fremu na umeme wa LUKU vinafika kama 10,000. Jumla 29,000. Kwa elfu arobaini na tano nabaki na 16,000 ya mikono yangu. Kwa ishirini na tano nimetoa 4,000 mfukoni ili mtu apendeze.

Hesabu hii sikumsomea yule mama. Mteja hanunui pango langu, ananunua gauni. Nilichofanya ni kushusha gauni lililokuwa limeningʼinia, limekwisha, nikaligeuza nje ndani.

"Mama, shika hapa ubavuni."

Akashika. Nikamwonyesha kwamba kila upande nimeacha akiba ya sentimita tatu, mwakani akinenepa linafunguliwa bila kununua kitambaa kingine. Nikamwonyesha bitana ilivyoshonwa peke yake, chini haijafungwa na kitenge, ndiyo maana gauni halivutwi mtu akiketi. Akapitisha vidole kwenye mshono wa kwapa, kimya. Kisha akasema lake la Krismasi lilichanika hapohapo akiwa kanisani, lilishonwa kwa elfu kumi na nane. Mimi sikuongeza neno juu ya fundi huyo. Kumsema fundi mwenzako mbele ya mteja hakupandishi kazi yako.

"Basi fanya thelathini."

Nikamwambia thelathini na tano ipo, ila bila bitana. Hiyo ndiyo njia ninayoipenda: bei ikishuka, na kazi ishuke, tena mteja achague mwenyewe. Akakataa, kitenge chake chepesi na sendofu ina taa kali.

Hapo ndipo akasema wako ndugu wanne, sare moja. Angeanza na hilo! Magauni manne ya mshono mmoja ni kazi nyingine kabisa. Bitana naitandika nakata kwa mkupuo, uzi kwenye cherehani haubadilishwi, safari ya Kariakoo ni moja. Kila gauni linashuka hadi siku moja hivi. Nikampa elfu arobaini kila moja, kwa sharti kwamba wote waje kupimwa siku moja, tena nusu ya pesa itangulie. Kwa bei hiyo nabaki na kama 14,000 kwa siku, kuliko 16,000 kwa siku na nusu. Punguzo hilo nalitoa kwa moyo mweupe.

Akataka thelathini na nane. Nikasema, "Mama yangu, hapo nimefika." Akakunja kitenge, akaaga vizuri, akaondoka. Moyo uliniuma, sitaficha. Manne kwa mpigo si kazi ya kuacha iondoke hivi hivi.

Saa kumi alirudi na mdogo wake. Wawili tu, wengine wamepata fundi kwao Mbagala. Akaanza kuhesabu elfu themanini. Nikamwomba radhi, nikamweleza kwamba arobaini ilikuwa bei ya manne. Kwa mawili ninachookoa ni kidogo, itakuwa arobaini na tatu. Mdogo wake alinuna. Yeye mwenyewe akaliangalia tena lile gauni lililogeuzwa, bado lilikuwa mezani, akatoa 43,000 za kutangulia.

Nimeandika kwenye daftari mbele yao, vipimo na baki, wote wawili wakaona. Kesho asubuhi nakata.