Siku moja maishani mwangu: mikopo 23 ya wiki ya Krismasi

Saa 11 na nusu alfajiri
Lanet bado kuna giza na umande mzito. Nimeinjika chai na kufungua faili juu ya meza ya kulia. Mimi ni mwenyekiti wa kamati ya ukaguzi ya sacco moja hapa Nakuru, ya walimu na wakulima. Leo tunakutana na mkaguzi wa nje kabla bodi haijatia sahihi hesabu za mwaka. Kuandika hesabu ni kazi ya meneja, kuzikagua ni kazi ya mkaguzi. Sisi ndio tunaokaa katikati na kuwauliza wote wawili, kwa sababu mwanachama wa Molo aliyeweka akiba yake hawezi kuja kuwauliza mwenyewe.

Swali langu leo ni moja. Mikopo iliyochelewa ilipungua ghafla mwezi wa Desemba. Nani alilipa?

Saa 2 asubuhi
Mkaguzi wetu wa ndani ameshafika ofisini. Siku tatu zilizopita nilimwomba orodha ya kila mkopo uliotolewa kati ya tarehe 15 na 31 Desemba, ambapo mwanachama yuleyule alifungiwa mkopo wa zamani siku hiyohiyo. Amenipa kurasa mbili, mikopo 23.

"Mama, anza na huu," akaniambia, akaweka kidole kwenye taarifa ya akaunti ya mkulima mmoja wa upande wa Njoro.

Tarehe 28 Desemba shilingi 430,000 ziliingia. Dakika ileile 430,000 zikatoka. Salio lilikuwa 1,150 kabla na 1,150 baada ya hapo. Hakuna hata shilingi moja iliyofika mkononi mwa mtu. Mkopo mpya umelipa wa zamani: deni la msingi 400,000 pamoja na riba 30,000 ambayo haijawahi kulipwa.

Tupige hesabu polepole, maana hapa ndipo jambo lote lilipo. Mkopo ule wa zamani ulikuwa umechelewa siku 212. Kanuni zinazosimamia sacco zinazopokea amana hupanga mikopo kwa siku za kuchelewa, na uliopitisha siku 180 bila kuvuka 360 huitwa wa mashaka. Hapo sacco hutenga nusu ya deni kama hasara inayotarajiwa, yaani 200,000. Mkopo mpya una siku sifuri. Unaitwa mzuri, na unatengewa asilimia 1 tu, yaani 4,300. Kwa kubonyeza mara mbili kwenye kompyuta, hasara ya 195,700 imetoweka vitabuni. Juu yake, ile riba ya 30,000 imeandikwa kama mapato. Faida imenenepa kwa 225,700 kutokana na mkulima ambaye hakuleta chochote.

Si kila mkopo unaopangwa upya ni udanganyifu. Katika hao 23 yupo mwanachama ambaye viazi vyake vilipigwa na mvua ya mawe, akaandika barua, na kamati ya mikopo ikamwongezea muda. Hilo ni jambo la utu na pia la busara. Lakini hata yeye mkopo wake hauwi mzuri siku ya kusaini. Unabaki mahali ulipokuwa hadi alipe marejesho kadhaa mfululizo, ndipo upandishwe daraja.

Kabla hatujaachana nilimuuliza kijana kwa nini hakuleta jambo hili Januari. Akatazama chini. Alikuwa ameliona, akaambiwa asubiri hesabu zipite kwanza. Anayemwambia asubiri ndiye anayejaza fomu yake ya tathmini ya kazi. Nikaliandika hilo kwenye daftari.

Saa 5 asubuhi
Mkaguzi wa nje. Tumemwomba meneja na mhasibu watoke. Kikao hiki bila wao tunakifanya kila mwaka, hata kama hakuna neno, ili siku kukiwa na neno kisionekane cha ajabu.

Huwa nauliza mambo mawili. Je, kuna kitu uliomba ukanyimwa? Je, kuna masahihisho uliyopendekeza ambayo hayakuingizwa? Yote mawili akajibu hapana, na namwamini. Kisha nikaweka zile kurasa mbili mbele yake.

Akanyamaza muda. Akaeleza kwamba anachunguza mikopo yote iliyozidi 500,000, na michache midogo anayoichagua. Katika orodha yetu mkubwa kuliko yote ni 485,000.

"Hicho kiwango cha 500,000 umekitumia tangu lini, Bwana?"

"Tangu mwaka wangu wa tatu hapa."

Huu ni mwaka wake wa tisa. Kwa kampuni zilizoorodheshwa kwenye soko la hisa, maadili ya kimataifa ya wahasibu yanamtaka kiongozi wa ukaguzi apishe baada ya miaka 7. Sisi ni wadogo, lakini hatari ni ileile. Kila mtu pale ofisini anajua atauliza nini, wiki gani, kuanzia shilingi ngapi. Watu wengi wakisikia uhuru wa mkaguzi hufikiria bahasha. Kwetu hakuna bahasha. Kuna mazoea, na aliyezoeleka hukwepwa kwa urahisi.

Kulikuwa na jambo la pili. Kampuni yake imetuletea pendekezo la kutuwekea mfumo mpya wa mikopo, kwa bei inayozidi ada ya ukaguzi. Mfumo huo ndio ungehesabu siku za kuchelewa na fedha za kutengwa. Mwakani angekuja kukagua kazi ya mikono yake mwenyewe. Nilimwambia hapo hapo kwamba kamati haitalipeleka pendekezo hilo kwa bodi. Alikubali bila ubishi, akaongeza siku nne za kuchunguza mikopo yote ya Desemba, midogo kwa mikubwa.

Saa 8 mchana
Meneja. "Mama, hao watalipa mahindi yakivunwa," alisema. Huenda. Lakini mahindi yatavunwa mwaka huu, na hesabu ni za mwaka jana. Alipotulia alisema kilichokuwa moyoni: wanachama walizoea kiwango fulani cha riba ya akiba, naye aliogopa Mkutano Mkuu. Namwelewa. Lakini mwaka 2016 wengi wetu tuliiona Chase Bank ikiwekwa chini ya mrasimu mara tu baada ya kutoa hesabu zilizorekebishwa. Wenye akiba hawakuwa na taarifa mapema.

Saa 10 jioni
Bodi. Mikopo 23 ikirudishwa mahali pake, ziada inashuka kutoka milioni 11.4 hadi karibu milioni 8.3. Mjumbe mmoja aliuliza kama tungeweza kuigawa hasara hiyo kwa miaka miwili. Hapana. Hesabu hazikusainiwa, zimesogezwa wiki mbili. Tathmini ya mkaguzi wa ndani imehamishiwa kwa kamati yetu, na Mkutano Mkuu utapelekewa jina la mkaguzi mwingine wa nje.

Saa 12 na robo
Barua 23 ziko mezani, kila moja ikimuuliza mwanachama: je, uliomba mkopo huu, na deni lako unalijua kuwa ni kiasi gani? Karani alizichukua azipeleke posta. Mkaguzi wa nje akamzuia kwa upole. Amezitia kwenye mkoba wake, atazituma mwenyewe, na anwani ya kujibu ni ya ofisi yake, si yetu.