Dakika kumi katikati ya mtihani

Mwaka 2018 nilisafiri kwa basi kutoka Morogoro hadi Dar es Salaam kufanya mtihani wa TOEFL iBT, ule mtihani wa Kiingereza unaofanywa kwa kompyuta, kwa kuwa chuo nilichoomba kusomea shahada ya uzamili kilitaka matokeo yake. Wakati huo mtihani ulichukua takribani saa nne hadi nne na nusu ukihesabu na taratibu za kuingia: Kusoma, Kusikiliza, mapumziko ya lazima ya dakika kumi, kisha Kuzungumza na Kuandika. Tangu Julai 2023 umefupishwa ukawa chini ya saa mbili, na mapumziko hayo yameondolewa. Nasimulia mtihani nilioufanya mimi.

Nililala kwa dada yangu Tabata. Asubuhi alinimiminia kikombe cha pili cha chai, nami nikakataa, kwa sababu nilikuwa nimesoma kwenye maelekezo kwamba mtahiniwa anaruhusiwa kutoka nje hata nje ya muda wa mapumziko, ila saa ya mtihani haisimami kumsubiri. "Kunywa mdogo wangu, utatokaje na njaa?" aliniuliza. Nikala chapati moja na yai, nikafunga ndizi mbili na chupa ndogo ya maji ya kutumia katikati.

Tuliingizwa mmoja mmoja, kila mtu akipigwa picha na kukaguliwa pasipoti, kwa hiyo hatukuanza kwa pamoja. Jambo hilo lina maana kubwa kuliko linavyoonekana. Nilikuwa wa karibu na mwisho kuingia, na nilipofungua kifungu cha kwanza cha Kusoma, wachache walioingia baada yangu walikuwa bado wanajaribu vipaza sauti vyao, kila mmoja akiueleza mji anaoishi kwa sauti, kama skrini inavyomtaka. Moyo ulinienda mbio. Nilisoma aya ya kwanza mara tatu bila kushika neno, na vidole vyangu vilikuwa baridi juu ya kipanya.

Vifungu vilikuwa vitatu, kila kimoja cha maneno yapata 700 na maswali kumi na mawili hadi kumi na manne, na muda wote ulikuwa dakika 60. Ugumu ni kwamba saa ya skrini ni moja kwa vifungu vyote: inahesabu kurudi nyuma kutoka 60 bila kukuonya kwamba umeng'ang'ania kifungu cha kwanza. Nilikuwa nimejiandalia dawa ya hilo, nayo ni kuandika juu ya karatasi ya rasimu namba 60, 40 na 20, yaani saa inavyotakiwa kusomeka ninapoanza kila kifungu. Lakini woga ulinifanya nisiitazame karatasi. Nilikwama kwenye swali la kuchomeka sentensi mahali pake, lile lenye miraba midogo minne ndani ya aya, nikaijaribu kila nafasi mara mbili, mara tatu. Nilipomaliza kifungu hicho saa ilisomeka 33. Nilikuwa nimetumia dakika 27 mahali pa 20.

Hapo niliondoa mkono kwenye kipanya. Nilifumba macho, nikavuta pumzi nikihesabu hadi nne, nikaitoa polepole nikihesabu hadi sita, mara tano. Hiyo ni karibu dakika moja, na ilinigharimu, lakini naamini ndiyo dakika niliyoitumia vizuri kuliko zote asubuhi ile, kwa sababu nilipofumbua macho niliweza kupiga hesabu. Nilifuta 40 na 20, nikaandika 32 na 16. Kisha nikajiwekea sharti: swali likizidi dakika moja na nusu, nachagua jibu linaloelekea kuwa sahihi na kusonga mbele, maana katika mtihani huu jibu baya halipunguzi alama, na kitufe cha Review huonyesha orodha ya maswali yote ili mtu arudi. Swali la muhtasari linalofunga kifungu, la kuchagua hoja tatu kati ya sita, sikulikimbilia, kwani lilikuwa na alama mbili na lilihitaji kifungu chote kiwe kichwani. Nilimaliza cha tatu saa ikisomeka 1, nikarudi kwenye swali moja tu.

Kwa kuwa Kusoma kulikuwa na vifungu vitatu badala ya vinne, nilijua kitakachofuata: Kusikiliza kutakuwa kurefu. Ndivyo ulivyopangwa mtihani wa miaka ile, sehemu moja kati ya hizo mbili ikiongezewa maswali ya majaribio yasiyohesabiwa, bila mtahiniwa kujua ni yapi. Kwa hiyo nilitazamia makundi matatu, kila moja likiwa na mazungumzo mafupi na mihadhara miwili, karibu saa moja na nusu kwa jumla. Humo hakuna kurudi nyuma: ukibonyeza Next na kisha OK, swali limekwenda. Ila saa ilihesabu tu wakati wa kujibu, dakika kumi kwa maswali kumi na saba, na ilisimama sauti ilipokuwa ikisikika. Kati ya kundi na kundi nililegeza mabega, nikatazama ukuta wa mbali ili macho yapumzike, nikasugua viganja. Zilikuwa nukta chache tu, lakini bila hizo nisingefika mhadhara wa sita nikiwa bado naandika vidokezo.

Mapumziko yalipokuja, msimamizi aliniambia kwa upole, "Dada, usisahau pasipoti, utaonyesha tena ukirudi." Nilikwenda msalani kwanza, kabla foleni haijakua. Nilikula ndizi moja, nikanywa maji robo chupa. Baada ya hapo nikafanya jambo ambalo ningemshauri yeyote: nilisimama mwisho wa ukumbi na kuongea Kiingereza kwa sauti ya chini, peke yangu, nikisimulia safari ya basi kutoka Morogoro. Nilikuwa nimekaa kimya saa mbili na nusu, koo limekauka na ulimi mzito, na kazi inayofuata ilikuwa kusema. Swali la kwanza la Kuzungumza lilitoa sekunde 15 za kujiandaa na 45 za kujibu; mtu anayetumia sekunde kumi kati ya hizo kutafuta sauti yake amekwisha kupoteza sehemu nzito ya jibu. Dakika ya nane nilikuwa mlangoni na pasipoti mkononi, kwa kuwa ukaguzi wa kurudi nao unakula muda.

Safari hii jirani zangu walikuwa wamefika kwenye Kuandika, chumba kikiwa na mlio wa vibao vya herufi tu, na sauti yangu ikawa ndiyo pekee inayosikika. Nilibana hedifoni masikioni, nikaweka macho kwenye mstari wa muda uliokuwa ukipungua, nikajibu maswali sita nikiikamilisha kila sentensi niliyoianza. Katika swali la nne muda uliniishia kabla ya mfano wa pili. Nilivuta pumzi moja ndefu na kulipokea la tano kama la kwanza.

Kuandika kulichukua dakika 50 za mwisho, 20 na kisha 30, nami niliandika tena namba pembeni ya karatasi: 30, 25, 5, yaani saa inavyotakiwa kusomeka ninapoanza kupanga, kuandika na kusahihisha. Msimamizi alipokusanya karatasi za rasimu, yangu ilikuwa bado na 40 na 20 zilizofutwa, na 32 na 16 chini yake.