Meno kurudi njano baada ya kung'arisha, nilivyodhibiti

Jamani chai ya rangi ndo ilikuwa inanirudisha nyuma. Ofisini hapa Dodoma kikombe kimoja nilikuwa nakivuta asubuhi nzima, tanini, ile kitu ya kwenye chai inayotia madoa, inakaa kwenye meno masaa, laini ya kahawia inajichora pale jino linapokutana na fizi. Sasa nakunywa ya maziwa na namaliza palepale, maana protini ya maziwa inaishika tanini isigande sana kwenye meno, halafu nasukutua na maji. Siku nikinywa ya rangi yenye ndimu basi kupiga mswaki nasubiri kama nusu saa. Siku 2 za kwanza baada ya kung'arishwa sigusi chai wala kahawa, meno yanadaka rangi haraka kipindi hicho. Sigara nimeacha kabisa, lami yake kusukutua haiitoi, mpaka daktari akwangue.