Nilivyomwekea mama programu ya pesa kwenye simu

Mama anauza viazi Uyole, Mbeya. Siku moja uliingia ujumbe: "Umepokea Tsh 85,000." Papo hapo mtu akapiga, akidai amekosea namba, arudishiwe. Nilimwonyesha mama mtumaji: namba ya kawaida ya simu, si jina la huduma. Na salio halikuwa limeongezeka hata senti. Ujumbe tukautuma 15040, namba ya kuripoti utapeli.

Kisha nikampakulia programu ya mtandao wake kutoka Play Store, kamwe si kwa kiungo cha kutumiwa. Namba yake ya siri ilikuwa mwaka wa kuzaliwa. Akaibadili mwenyewe, mimi nimegeukia pembeni. Sasa mteja akisema ameshalipa, mama anafungua programu aone salio, ndipo gunia lipakiwe.